Jioni ile Python ilipotufungulia duka

Mwaka 2020, mpwa wangu alinijia Tanga na laptopu yake ya Windows 10 na sura ya mtu aliyekesha. "Mjomba, Python inakataa kuingia. Nimeiweka mara mbili, bando limeisha."

Nikamwambia afungue dirisha jeusi la amri na aiite lugha hiyo ya programu mbele yangu kwa kuandika `python`. Akabonyeza Enter, na badala ya alama tatu `>>>` lilifunguka dirisha la duka la programu, ukurasa wa Python ukiwa na kitufe cha kuipakua. Mtu yeyote angeelewa kwamba Python haipo. Yeye alielewa hivyo, na nusu saa ya kwanza mimi pia.

Kilichonizindua ni amri hii:

```
where python
C:\Users\User\AppData\Local\Microsoft\WindowsApps\python.exe
```

Faili lipo, ila folda siyo ile ambayo Python aliyoipakua huwekwa. Nikalipiga `dir`, na kwenye safu ya ukubwa palisomeka sifuri. Programu gani hiyo isiyo na hata baiti moja? Ilikuwa lakabu tu: tangu toleo la Mei 2019, Windows 10 huja na `python.exe` na `python3.exe` za namna hiyo, zinazompeleka dukani mtu asiye na Python.

Nikaandika `py`, amri nyingine inayokuja na Python yenyewe. Alama tatu zikatokea, na juu yake Python 3.8. Mpwa wangu akashika kichwa. "Kumbe ilikuwemo siku zote!"

Ilikuwemo. Alipoiweka hakutia tiki kwenye kisanduku kidogo cha chini, kile cha kuiongeza kwenye PATH, na chenyewe huja kitupu. PATH ni orodha ya folda ambazo Windows huzipitia kwa zamu kutafuta amri. Folda ya lakabu imo, ya Python yake haikuwemo. Kwa hiyo `python` iliangukia kwenye lakabu kila mara, hata angeiweka mara kumi.

Tulitafuta "Manage app execution aliases" kwenye mipangilio, tukazima swichi mbili za Python. Tulipojaribu tena, Windows ilisema haiitambui amri hiyo. Kijana akanywea, mimi nikafurahi: sasa kosa lilikuwa linasema ukweli. Tukafungua tena kisakinishi kilichokuwa bado kwenye Downloads, bila kugusa bando, tukachagua Modify, ukurasa wa pili tukatia tiki "Add Python to environment variables".

Bado ikagoma. Hapo nilikosa subira kidogo, hadi nilipokumbuka kwamba dirisha jeusi lililokuwa wazi lilibeba PATH ya zamani. Tulilifunga, tukafungua jipya. Safari hii `where python` ilitoa njia inayoishia `Python38\python.exe`, na mpwa wangu, bila kusubiri neno langu, akaandika `python mauzo.py`. Hesabu za genge la mama yake zikashuka mstari kwa mstari.