Nilimaliza deni miezi 12 kabla ya muda: nilichookoa ni dola 351

Nilikopa dola 6,000 kwa miezi 24 ili niongeze magunia ya unga ninayouza Soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Riba ilikuwa asilimia 2 kwa mwezi, na kila tarehe 10 nililipa dola 317 na senti kidogo. Nilipofika katikati, pesa za kumaliza lote zilikuwepo. Nikataka kujua kama inafaa.

Jibu liko kwenye ile tablo ya malipo wanayokupa siku ya kutia sahihi, na wengi wetu huikunja tukaisahau kabatini. Yangu ilionyesha kwamba malipo ya kwanza ya dola 317 yalikuwa na riba 120 na mtaji 197. Malipo ya mwisho yangekuwa na riba dola 6 tu. Malipo ni yaleyale kila mwezi, lakini riba inahesabiwa juu ya mtaji uliobaki, kwa hiyo sehemu kubwa ya riba unaitoa mwanzoni. Kwa miezi 24 riba yote ilikuwa kama dola 1,613. Baada ya malipo ya 12 nilikuwa nimekwisha kutoa 1,161. Iliyobaki ya kuokoa ilikuwa 452.

Hapo ndipo adhabu inapoingia. Kifungu cha rambursema antisipe kilidai asilimia 3 ya mtaji uliobaki. Mtaji ulikuwa dola 3,355, adhabu ikawa 101. Toa 101 kwenye 452, unapata 351. Ningengoja hadi malipo ya 20, mtaji ungekuwa 1,208, riba iliyobaki 61 na adhabu 36: ningeokoa dola 25, pungufu ya faida ya siku moja nzuri sokoni. Ndiyo maana kumaliza deni katika miezi ya mwisho, kwa maoni yangu, hakustahili usumbufu wake, isipokuwa unaihitaji dhamana yako haraka.

Hizo 351 bado hazitoshi kuamua, maana zile dola 3,355 zingeweza kufanya kazi. Nilipoweka adhabu ndani ya hesabu, kulipa mapema kulikuwa sawa na kupata kama asilimia 1.5 kwa mwezi. Wakati unga unatoka haraka, gunia linanizalishia zaidi ya hapo, na ningeacha deni liendelee. Lakini mahindi mapya yalikuwa yameingia, bei imeshuka, magunia yanalala. Pesa iliyolala haishindi 1.5. Nikaamua kulipa, nikabakiza pembeni pesa ya mzigo mmoja wa kutoka Kasumbalesa. Kumaliza deni leo kisha kukopa tena kesho ni kulipia fre ya dosie mara ya pili.

Angalia pia riba yako inahesabiwaje. Kuna mikopo ambayo riba inapigwa juu ya mtaji wa kwanza hadi mwisho. Ukiambiwa asilimia 1.12 ya namna hiyo kwa miezi 24, usifikiri ni rahisi: jumla ni ileile ya asilimia 2 yangu. Na kama mkataba unasema riba yote inadaiwa hata ukimaliza mapema, kulipa mapema hakuokoi kitu. Baki na pesa zako.

Kosa nililokaribia kulifanya lilikuwa la giche. Nilitaka kuweka pesa zote kwenye konti nikidhani deni litajifunga. Ajenti wa kredi akanizuia: “Mama, mashine itakata malipo ya mwezi huu tu. Zingine zitakaa palepale, na riba inaendelea. Andika barua kwanza.”

Mkataba wangu ulitaka barua siku 15 kabla. Niliomba wanipe kwa maandishi mtaji uliobaki, adhabu, na jumla ya tarehe 10 yenyewe. Tarehe hiyo ni muhimu: kwetu ukipita hata siku 3, unadaiwa riba ya mwezi mzima unaofuata, dola 67.

Siku ya kulipa, noti mbili za 100 zilikataliwa. Moja ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, karibu upana wa ukucha. Kagua noti moja moja nyumbani, na ubebe falanga kwa zile senti, maana sarafu za dola hakuna.

Usiondoke na risiti peke yake. Niliomba barua inayosema deni limefungwa, na akiba ya dhamana ya dola 600 ifunguliwe. Karatasi za parsele ya Katuba, nilizokuwa nimeweka dhamana, zilitoka wiki mbili baadaye, na nilihesabu kurasa zake mbele ya ajenti kabla ya kutia sahihi ya kuzipokea.