Uzoefu wangu: kutofautisha Meissner na kunaswa kwa uga kwa kipande kimoja cha YBCO

Ukiona sumaku inaelea juu ya kipande cheusi kinachofuka ukungu, karibu kila mara utaambiwa kuwa hiyo ndiyo athari ya Meissner. Kwa sehemu kubwa siyo. Kinachoishika sumaku pale ni uga wa sumaku ulioingia ndani ya kipande ukanaswa, ilhali Meissner ni uga kufukuzwa. Nimezoea kuyatenganisha mambo haya mawili kwa majaribio matatu ya kipande kilekile, na tofauti huonekana kwa macho na kuhisiwa kwa vidole.

Kipande ninachotumia ni YBCO, kauri ya yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni, iliyoyeyushwa ikaachwa igande polepole iwe fuwele moja kubwa, kipenyo milimita 30. Hugeuka supakondakta, yaani hupitisha umeme bila ukinzani wowote, ikishuka chini ya kelvini 92 hivi, kwa hiyo nitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye 77, inatosha. Nitrojeni hiyo ndiyo ileile wanayobeba wahimilishaji wa ng'ombe kwenye mitungi yao. Lita moja ikichemka yote huwa karibu lita 700 za gesi, basi fungua madirisha na usiifungie kamwe kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana. Bakuli liwe la stairofomu, macho yavae miwani, na kibanio kiwe cha plastiki kwa sababu cha chuma kitarukiwa na sumaku.

Sumaku yangu ni ya neodimiamu, kidonge cha kipenyo milimita 20 na unene 10. Kabla ya kumwaga chochote, napiga hesabu ya nguvu ya uga kwenye mhimili wake. Usoni pa sumaku ni tesla 0.46, milimita 10 kutoka usoni ni 0.12, milimita 30 ni militesla 14, na milimita 40 ni militesla 7. Hizi namba nne ndizo zinazoeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Jaribio la kwanza: naweka sumaku mbali, nje kabisa ya meza, kisha napoza kipande. Nitrojeni huchemka kwa utulivu, halafu ghafla huchachamaa kwa sekunde chache, kisha hutulia. Huo mchachamao ndio dalili kwamba uso wa kipande umeshapoa kiasi cha kuguswa na kimiminika chenyewe badala ya kukaa chini ya blanketi la mvuke. Nasubiri dakika mbili tatu zaidi ili na moyo wake upoe.

Sasa nashusha sumaku polepole. Inasukumwa juu. Huko mbali, kwenye militesla chache, msukumo huo ni Meissner halisi: mikondo ya umeme inazunguka kwenye ngozi ya kipande na kuuzuia uga usiingie. Lakini supakondakta ya aina ya pili, kama YBCO, ina vikomo viwili vya uga. Kwa YBCO kwenye kelvini 77, kikomo cha kwanza ni kama militesla kumi au ishirini tu. Ukikivuka, uga huanza kupenya kutokea kingoni kwa njia ya voteksi, yaani nyuzi nyembamba za uga, kila moja ikizungukwa na mkondo wake na kubeba kiasi kilekile cha uga, weba 2.07 × 10⁻¹⁵. Pale penye tesla 0.12, uga wote ukiingia, ni nyuzi milioni 58 hivi katika kila milimita ya mraba. Katikati ya nyuzi hizo kipande bado ni supakondakta. Kitaacha kuwa hivyo tu uga ukifika kikomo cha pili, ambacho ni tesla nyingi mno, sumaku ya mkononi haiwezi kukikaribia.

Naikandamiza sumaku mpaka ibaki milimita mbili, halafu nainyanyua. Hapo kidole huhisi jambo la ajabu: njiani kwenda chini ilisukuma, njiani kurudi inavuta. Voteksi zilizolazimishwa kuingia hazitoki. Hiyo ndiyo alama ya kunaswa, na hakuna Meissner tupu inayoweza kuvuta.

Linganisha na metali ya risasi, ambayo ni supakondakta ya aina ya kwanza. Hiyo ina kikomo kimoja tu. Ndani ya heliamu kimiminika, kwenye kelvini 4.2, kikomo chake ni kama militesla 53. Sumaku hii ya kwangu ikifika sentimita moja na nusu ingekuwa na militesla 63, na ingeanza kuuvunja usupakondakta hata kabla ya hapo, kwa kuwa mikondo ya risasi yenyewe huusonga uga usoni pake. Tena haishiki: mwanafizikia Mrusi Arkadiev alipoelesha sumaku juu ya risasi alitumia bakuli lililobonyea, kwa sababu juu ya bamba bapa la risasi sumaku ingeteleza pembeni.

Jaribio la pili ndilo la Meissner na Ochsenfeld wa mwaka 1933: kupoza huku uga tayari umo ndani. Nachukua sumaku ndogo nyepesi, naiweka juu ya kipande kikiwa bado na joto la chumba, ndipo namwaga nitrojeni. Kama uga unafukuzwa, sumaku itainuka yenyewe. Na hapa wengi huvunjika moyo, kwa sababu juu ya kipande changu kizuri sumaku haiinuki, au hujitikisa kidogo tu. Si kosa. Kipande kinachonasa vizuri huzikamata voteksi kabla hazijapata njia ya kutoka. Nikitumia kidonge cha bei nafuu cha unga uliochomwa tu, kinachonasa kwa udhaifu, sumaku huinuka. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha Meissner, tafuta kipande dhaifu. Kile cha gharama kitakudanganya uone kana kwamba ni kipitishi kisicho na ukinzani tu, ambacho hubaki na uga uliokikuta.

Jaribio la tatu ni kunaswa kwenyewe. Naweka kijiti cha mbao cha milimita 10 juu ya kipande, sumaku kubwa juu yake, napoza, nachomoa kijiti. Sumaku hushuka kidogo sana, kisha hukaa. Ukiinyanyua, kipande hufuata na kuning'inia chini yake. Ndani ya YBCO hii kuna chembe za kijani za Y₂BaCuO₅ ambazo si supakondakta. Kiini cha voteksi nacho si supakondakta, basi kikikaa juu ya chembe hakilipi gharama ya kuharibu sehemu mpya, na ndiyo maana hakitaki kuhama. Izungushe sumaku kwenye mhimili wake, itazunguka huru, kwa kuwa uga wa kidonge cha mviringo haubadiliki ukizungushwa na hakuna voteksi inayohamishwa. Isukume pembeni, itarudi.

Mshiko ukiwa legevu, kwanza naangalia urefu wa kijiti: kwa milimita 30 umenasa militesla 14 tu, hazitoshi kubeba uzito. Kisha naangalia muda wa kupoza. Mwisho naangalia kama sumaku ilisogea wakati wa mchachamao, kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote. Naishikilia kwa kibanio mpaka bakuli litulie.

Nikimaliza sikiachi kipande mezani. Theluji inayokivaa huyeyuka kuwa maji, na maji huila YBCO. Nakifuta, nakipuliza kwa hewa ya uvuguvugu mpaka kikauke kabisa, nakifungia kwenye mkebe wenye vifuko vya silika.