Hisa zangu 3,000 zilifika 5,040 bila kuongeza hela: uzoefu wangu na hisa za bonasi

Kila kampuni inapotangaza hisa za bonasi, napata ushauri uleule kutoka kwa watu wanaonitakia mema: nunua upesi kabla rejista ya majina ya wenye hisa haijafungwa, hisa za bure zinakuja. Niliufuata ushauri huo mara moja tu, mwaka 2014, na ulinitoa pesa mfukoni. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu ushauri huo haujafa.

Nilianza na Benki ya Ushirika ya Kenya ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2008, kwa shilingi 9.50 kila moja. Nilichukua hisa 3,000 kwa shilingi 28,500, akiba ya mshahara wa ualimu. Mwaka 2012 benki ikatoa bonasi, hisa moja mpya kwa kila tano ulizo nazo. Taarifa ya akaunti yangu ikasoma 3,600. Nilifurahi mno, nikaamini nimepewa zawadi ya hisa 600, na sikujisumbua kuangalia bei imekwenda wapi.

Bonasi ya pili ilikuja mwaka 2014, safari hii moja kwa kila sita. Shemeji yangu alinipigia jioni moja akiwa na mpango uliokamilika. "Shemeji, nunua sasa, ngoja rejista ifungwe, halafu uza zile ulizonunua. Unabaki na za bonasi bure." Nilimwamini kwa sababu alisema kwa uhakika. Nilichukua pesa niliyokuwa nimeitenga kwa karo, nikamwambia dalali aninunulie hisa 600 zaidi.

Nitatumia namba zinazogawanyika vizuri badala ya zile za risiti, lakini mambo yalikwenda hivi. Chukua bei ya shilingi 21. Hisa 600 zikanitoa 12,600. Siku ya mwisho ya kununua na bonasi yake ikapita, na kesho yake bei haikuwa 21 tena, ilikuwa kama 18. Nikaona shilingi 1,800 zimeyeyuka usiku mmoja. Nikauza zile 600 kwa 10,800 kabla hali haijaharibika zaidi. Baada ya wiki kadhaa hisa mpya zikaingia. Mia moja kati yake zilitokana na zile 600 nilizonunua kwa ajili ya mpango, nikaziuza kwa 18, nikapata 1,800. Jumlisha 10,800 na 1,800: unarudi palepale, 12,600. Hisa zangu za bure zilikuwa pesa yangu mwenyewe, ila safari hii zimepita mikono ya dalali mara tatu, na kila mara anakata asilimia mbili na kidogo. Nilipoteza mia tano na kitu. Si pesa nyingi, lakini ilikuwa ya karo, na nilikuwa nimeahidiwa faida.

Aliyenifungua macho ni mhasibu mstaafu tunayesali naye. Nilimwonyesha karatasi zangu akaniuliza swali moja: "Mwalimu, siku ile benki ilipata pesa gani mpya?" Nikasema hakuna. "Ilitoa pesa gani?" Hakuna. "Basi thamani ingetoka wapi?"

Akanieleza kwa mfano wa chama chetu cha akina mama. Tuseme chama kina ng'ombe wa maziwa, na kila mwanachama ameandikwa kwenye daftari kuwa na mafungu sita. Kesho katibu anafuta sita, anaandika saba kwa kila mtu. Ng'ombe ni yuleyule, maziwa ni yaleyale, na sehemu ya kila mmoja haijasogea. Atakayekuja kununua fungu moja kutoka kwako hawezi kulipa bei ya jana, maana fungu la leo ni dogo kuliko la jana. Ndiyo maana bei hushuka, na haina uhusiano na watu kuikimbia kampuni.

Kwenye vitabu vya benki kilichotokea ni kuhamisha tu. Hisa za Benki ya Ushirika zimeandikwa thamani ya shilingi moja kila moja. Bonasi ya mwaka 2017, ambayo nitaieleza sasa hivi, iliongeza hisa zote za benki kutoka karibu bilioni 4.89 hadi karibu bilioni 5.87. Kwa hiyo kama shilingi milioni 978 zilitoka kwenye akiba ya benki, zikaandikwa upya kama mtaji wa hisa. Jumla ya mali ya wenye hisa ilibaki ileile.

Kugawanya hisa ni jambo jingine kwenye vitabu, ingawa mfukoni mwako ni lilelile. Pale hakuna akiba inayohamishwa, hisa yenyewe ndiyo inayokatwa. KCB ilikata hisa moja kuwa kumi mwaka 2007, thamani iliyoandikwa ikatoka shilingi 10 hadi 1. Equity ikafanya hivyo mwaka 2009, kutoka shilingi 5 hadi senti 50. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukikumbuka kwamba wakati ule sokoni Nairobi uliuziwa kwa mafungu ya hisa mia. Hisa ikiwa shilingi 200, huingii bila 20,000. Ikikatwa mara kumi, mwenye 2,000 anaingia. Wanunuzi wadogo wakiongezeka bei inaweza kusukumwa juu kidogo, lakini hiyo ni kazi ya wanunuzi, na hakuna anayekuhakikishia.

Sasa 2017. Benki ikatangaza tena moja kwa kila tano. Nilikuwa na hisa 4,200 na nilikuwa tayari. Mdogo wangu, ambaye pia ana hisa za benki hiyo, hakuwa tayari. Alinipigia asubuhi sauti ikitetemeka: "Dada, hisa zimeanguka, na kwenye akaunti sijaona hata moja mpya. Tuuze?"

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitaenda polepole. Kati ya siku ambayo bei inaacha kubeba bonasi na siku ambayo hisa mpya zinaingia kwenye akaunti yako, kuna pengo la wiki kadhaa. Ndani ya pengo hilo taarifa yako inakudanganya, maana inazidisha bei mpya kwa idadi ya zamani. Kwa namba zilizo rahisi: bei ikiwa 18 kabla, hisa zangu 4,200 zina thamani ya 75,600. Bei ikirekebishika inakuwa 18 mara tano gawa kwa sita, yaani 15. Taarifa itasoma 4,200 mara 15, ambayo ni 63,000, na mtu ataona zaidi ya elfu kumi na mbili zimepotea. Lakini hisa 840 ziko njiani, jina lako limeshaandikwa, na 840 mara 15 ni 12,600. Jumla ni 75,600.

Nilimwambia mdogo wangu achukue kalamu. Kwanza ahesabu hisa zinazomjia, azijumlishe na alizo nazo, ndipo azidishe kwa bei. Kisha nikampa kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Ukitaka kujua kama kuna hasara ya kweli imejificha ndani ya mshuko, irudishe bei mpya ilikotoka. Kwa moja kwa tano, zidisha kwa sita, gawa kwa tano. Ukikuta 15 imerudi kuwa 18, hakuna kilichotokea. Ukikuta bei ni 14, itarudi kuwa 16.80, na hapo ujue shilingi 1.20 ya bei ya zamani imeondoka kweli, soko limeshuka kwa sababu zake. Kwa moja kwa sita, zidisha kwa saba, gawa kwa sita. Kwa hisa iliyokatwa mara kumi, zidisha kwa kumi. Alipiga hesabu yake tukiwa kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema haziuzi.

Na kama angeuza siku ile, bonasi ingebaki yake, kwa kuwa rejista ilikuwa imeshafungwa na jina lake. Ninayemwonea huruma ni yule anayenunua siku ya kufungwa kwa rejista akidhani amewahi. Malipo ya sokoni Nairobi hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua, kwa hiyo ukinunua siku ileile rejista inapofungwa, jina lako halijafika. Walau anakuwa amelipa bei iliyokwisha kupungua, mradi ameangalia bei.

Hisa 840 zilipoingia nikawa na 5,040, na hapo nikafanya kitu ambacho dalali hakuwahi kuniambia: nilirekebisha bei yangu ya kununulia. Miaka yote nilikuwa nasema "nilinunua kwa 9.50". Si kweli tena. Shilingi zangu 28,500 zimegawanywa kwa hisa 5,040, kila moja imenigharimu kama 5.65. Mtu asiyerekebisha anaweza kuona bei ya 9 na kudhani ana hasara, kumbe ana faida ya zaidi ya nusu.

Gawio nalo linataka hesabu hiyohiyo. Kwa mwaka wa fedha wa 2016 benki ililipa senti 80 kwa hisa, na kwa mwaka wa 2017 ikalipa tena senti 80. Nilisikia wenye hisa wakilalamika kwamba gawio halijapanda. Mimi nilipata 3,360 kwa hisa 4,200, kisha 4,032 kwa hisa 5,040, kabla ya kodi. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 20. Na angalia imetoka wapi: bonasi haikuileta. Benki ingeweza kupunguza hadi kama senti 67 kwa hisa na mimi ningepata kilekile cha mwaka uliotangulia. Ilichagua kutoa pesa zaidi, na ilikuwa na faida ya kutolea.

Kwa hiyo leo tangazo la bonasi likitoka, sinunui kwa ajili yake na siuzi kwa ajili yake. Nafungua daftari, naandika tarehe ya kufungwa kwa rejista, uwiano, hisa ninazotarajia na bei yangu mpya ya kununulia. Nasoma pia tangazo linasemaje kuhusu mabaki, maana mwenye hisa 4,203 hawezi kupewa sehemu ya hisa. Kisha nasubiri siku ya taarifa, nahakikisha idadi iliyoingia ni ile niliyoiandika.