Muuza Chapati Alivyonisaidia Kupanga Ukurasa wa Kozi Yangu

Ukurasa wangu wa kwanza wa kuuzia kozi ya kushona mashati ulianza na maneno haya: "Badilisha maisha yako kupitia ubunifu wa mavazi." Mshauri wangu, aliyenitoza fedha ambazo zingenunua vitambaa vya mashati kama kumi, alisisitiza kwamba msomaji aguswe moyo kwanza, kisha asome historia yangu, ndipo aambiwe kinachouzwa. Watu walifungua, wakaondoka.

Siku moja nilimpa simu jirani yangu auzaye chapati, nikahesabu kimoyomoyo hadi tano, nikaichukua na kumwuliza ninauza nini. "Mwanangu, si vitambaa?" alijibu. Sikuwa na la kusema, kwa kuwa picha iliyojaza kioo ilikuwa ya majora ya vitambaa, na neno "kozi" lilikuwa chini mno. Niliiondoa picha hiyo, nikaandika: "Kwa wiki 4 utajifunza kukata na kushona shati la kola linalokaa sawasawa mabegani, kwa cherehani ya kawaida." Nilipomwonyesha tena, aliuliza bei.

Mpangilio wa sehemu zilizofuata sikuubuni. Nilifungua ujumbe wote wa WhatsApp niliotumiwa na watu waliowahi kuniuliza kuhusu mafunzo, nikanakili maswali yao daftarini kwa mfuatano walivyoyauliza, na mfuatano huo ndio uliokuwa ukurasa. Karibu wote walianza kwa kuuliza kama asiyejua kupima anaweza kujiunga. Kwa hiyo, chini ya ahadi nilieleza kozi inamfaa nani, na nikasema wazi kwamba asiye na cherehani ya kufanyia mazoezi asilipe. Kisha waliuliza kama ninajua kufundisha. Hapo niliweka video fupi ya kupachika mkono wa shati bila kukunjamana kwapani, na historia yangu ikabaki sentensi mbili. Orodha ya masomo niliiandika kwa kile mwanafunzi atakachokuwa ameshona kila wiki, maana "Utangulizi wa Kola" haumwambii mtu chochote.

Bei ilikuja baada ya hayo, ikiandikwa kwa tarakimu, kwani ile ya "wasiliana nasi" iliniletea salamu nyingi na malipo machache. Chini yake nilijibu hofu za dakika ya mwisho: bando, muda wa kurudia masomo, na marejesho ya fedha.

Kitufe cha mwisho ndicho kilichonichelewesha. Kiliandikwa "Tuma" na kufungua fomu ya maswali tisa, nami nilijivunia fomu ile! Sasa kinasema "Lipia, anza somo la kwanza leo," kinaomba jina na namba ya simu tu, na juu yake kuna sentensi moja inayoeleza kwamba ukishalipa utapokea ujumbe wenye kiungo cha masomo. Tangu niiongeze sentensi hiyo, hakuna aliyenipigia usiku kuuliza kama ametapeliwa.