Mwendokasi ulioniibia wenye magari: logiti ilivyonitoa jasho

Kwenye tasnifu yangu niliwauliza wakazi wa Mbagala wanavyokwenda mjini asubuhi: gari lao, daladala au bodaboda. Halafu nikawapa kadi yenye chaguo la nne, basi la mwendokasi, ikiwa na nauli na muda wa safari, ili wachague upya. Kazi ya kuhoji ilinila wiki tatu na soda nyingi. Nilikuwa nimeshauriwa na kila mtu: "Tumia logiti ya machaguo mengi, utamaliza jioni moja." Ni modeli inayokisia kila mtu ana nafasi gani ya kuchagua kila njia, na kweli nilimaliza jioni moja. Matokeo ndiyo yaliyokuwa kichekesho.

Modeli ya watu wa Mbagala wenye njia tatu tu ilikaa vizuri. Nikaongeza mwendokasi kwenye hesabu, na zaidi ya theluthi ya wenye magari wakayaacha! Nikamkumbuka mzee mmoja niliyemhoji pale Rangi Tatu, kioo cha gari kimeshushwa nusu: "Mdogo wangu, gari nimelinunua ili nisisimame tena." Modeli yangu ilimpandisha basi bila kumuuliza.

Nikachukua karatasi. Logiti huipa kila njia uzito, na sehemu yake ni uzito huo kugawanya kwa jumla. Tuseme uzito wa gari ni 2, daladala 6, boda 2. Jumla 10, hivyo gari lina asilimia 20. Sasa leta basi jipya linalofanana na daladala kila kitu ila rangi, nalo lina uzito wa 6. Jumla inakuwa 16, gari linashuka hadi asilimia 12.5, kila basi linapata 37.5. Lakini akili ya kawaida inasema abiria wa daladala, asilimia 60, ndio wangegawana mabasi mawili, 30 kwa 30, na gari libaki na 20 zake. Logiti haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu uwiano wa gari na daladala, 1 kwa 3, haujui kama kuna kitu kingine kimeingia sokoni. Hiyo ndiyo IIA, sharti la kutotegemea chaguo la tatu. Linatokana na kudhani kwamba yale usiyoyapima kwenye kila njia hayahusiani. Lakini anayechukia kutafuta maegesho Kariakoo anaipenda daladala na mwendokasi kwa sababu ile ile, na mimi sikuipima.

Msimamizi akasema, "Fanya kipimo cha Hausman na McFadden, yataisha." Wazo lake zuri: toa chaguo moja, kadiria upya, na kama IIA ni kweli vigawo visibadilike sana. Nikaandika kwenye R, kwa kifurushi cha mlogit, ambapo zote ni modeli ya njia nne na boda ndiyo iliyotolewa:

```
hmftest(zote, c("gari", "daladala", "mwendokasi"))
```

Jibu: kai-mraba, namba inayopima vigawo vimebadilika kiasi gani, hasi 4.7, na p sawa na 1, yaani hakuna dalili kwamba IIA imevunjwa. Msimamizi akafurahi, IIA imepita! Mimi nikabaki naitazama ile alama ya kutoa. Kai-mraba haiwezi kuwa hasi. Programu ililinganisha hasi na jedwali ikapata 1, basi. Tofauti ya matriki mbili za makosa haikuwa chanya, jambo la kawaida kwa sampuli ndogo kama yangu. Wapo wanaoisoma hasi kama ushahidi kwamba IIA haijavunjwa. Mimi niliisoma kama kipimo kilichokataa kujibu, hasa nilipotoa daladala badala ya boda na jibu likageuka kabisa.

Ndipo nikaenda kwenye logiti ya viota, inayoweka njia zinazofanana kwenye kundi moja, na nikaanza kwa kukosea kwa fahari. Niliweka gari na boda kiota kimoja, "usafiri wa mtu binafsi", nikajiona mjanja. Kigawo cha kiota kikatoka 1.7, wakati kinatakiwa kukaa kati ya 0 na 1. Kiota hicho hakina ndege. Mwenye boda na mwenye gari si watu wa dunia moja, na kitu kinachowaunganisha ni rangi ya wazo langu tu.

Nikawaweka daladala na mwendokasi pamoja: 0.5 na kidogo. Kwenye karatasi yangu, kwa 0.5 kamili, kila uzito wa 6 unazidishwa kwa wenyewe, na kiota cha mabasi hupata mzizi wa jumla ya 36 na 36, yaani karibu 8.5, badala ya 12. Gari linabaki na asilimia 16. Si 20, kwa sababu mwendokasi si daladala iliyopakwa rangi tu, lakini si 12.5 ya uchawi.

La pili nililogundua kwa aibu: nilikuwa nimempa kila mtu chaguo la gari, hata asiye na gari. Nikaliondoa kwa wasio nalo, na sehemu kubwa ya wale waliohama kimiujiza ikapotea hata kabla ya viota. Hakuna aliyekuwa amenionya, wote walikuwa wanazungumzia kipimo.

Msimamizi bado alitaka Hausman ionekane. Iko kwenye kiambatisho, na alama yake ya kutoa nimeiacha pale pale.