Barua yangu ya kuomba kazi ya semi tela

Barua ya kwanza aliniandikia binamu yangu. Ilijaa "mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu". Nikamwambia, ndugu yangu, hata mwizi wa dizeli anaandika hivyo. Nikakaa nyumbani pale Uyole, nikaandika upya.

Juu niliweka anwani, tarehe na "YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA WA SEMI TELA". Aya ya kwanza ikawa ya leseni peke yake: daraja E, namba yake na tarehe ya kuisha muda. Daraja C ni la magari ya abiria, na tajiri wa malori anataka kuona E kabla hajaendelea kusoma. Nikaambatanisha nakala ya pande zote mbili, maana madaraja yasiposomeka vizuri, barua inawekwa pembeni.

Rekodi ya barabarani ndiyo iliyonichukua muda. Niliangalia leseni yangu kwenye mfumo wa TMS wa polisi, haikuwa na deni la faini, nikachapa ukurasa. Lakini mwajiri mzoefu anajua kwamba faini nyingi huandikwa kwa namba ya gari, kwa hiyo leseni safi peke yake haimwambii mengi. Kwa idhini ya tajiri wangu wa zamani nikaandika namba ya lori nililokuwa naendesha na simu yake, nikaongeza: "Anaweza kuulizwa kuhusu faini, mafuta na hali ya gari nililorudisha."

Badala ya kujiita mwaminifu, nikaeleza ninavyofanya kazi: "Nimebeba shaba kutoka Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka nahakikisha mzigo umepangwa sawa, kwani uzito wa jumla unaweza kuwa halali huku ekseli moja imezidi, na gari likakwama mizani ya Makambako. Mteremko wa Kitonga naingia na gia ndogo tangu juu. Breki ya injini ndiyo inashika gari, breki ya mguu naigusa kwa vipindi ili isichemke." Wengine wangeona ni maneno mengi. Mimi naona ndiyo yaliyosomwa.

Kulikuwa na miezi ambayo sikuwa na kazi. Nikaandika sababu kwa sentensi moja: lori liliuzwa. Pengo lisiloelezwa, mtu analijazia ajali.

Nikafunga kwa "Wako mtiifu", saini na simu inayopatikana.

Waliopokea barua walianza kumpigia tajiri wa zamani, mimi baadaye. Siku ya majaribio meneja wa gereji alinikabidhi funguo, akasema, "Haya dereva, twende." Sikuwasha. Nilizunguka gari kwanza, nikagonga matairi, nikakagua kiungo cha tela, nikatazama mipira ya upepo wa breki. Mmoja ulikuwa unavuja, nikamwonyesha. Akaniuliza, "Ungeondoka nalo?" Nikamjibu, "Hapana mzee, mpaka ubadilishwe." Ndipo akaita fundi, na jaribio la kurudisha tela nyuma tukalifanya mchana.