Majani Aliyoniletea Mpwa Wangu

Likizo ile mpwa wangu alikuwa na miaka tisa, na hapakuwa na jani bustanini ambalo hakuligeuza kutazama upande wa chini. Asubuhi moja aliingia na ndoo ndogo ya plastiki, akaitua mezani mbele yangu.

“Mjomba, nitabirie. Humu kitatoka nini?”

Cha kwanza kilikuwa jani la kabichi lenye kirundo cha vitu vya manjano vilivyolaliana. Ubavuni mwake alikuwepo kiwavi mmoja wa kijani, amelegea. Dada yangu alichungulia akapita, akasema hayo ni mayai ya viwavi na bora yatiwe motoni kabla hayajaimaliza kabichi yote. Kwa kweli alikuwa na sababu ya kufikiri hivyo, maana ukimwona kiwavi karibu na kirundo, akili inakimbilia mzazi na watoto.

Nilichukua kioo cha kukuzia. Yai la kipepeo mweupe wa kabichi nilikuwa nalifahamu: lina urefu wa milimita moja hivi, limesimama wima kama kichupa kilichobandikwa kwa kitako, na lina mistari inayoshuka kutoka juu hadi chini. Hivi vya mpwa wangu vilikuwa virefu zaidi ya mara tatu, mviringo kama mbegu, na vimelazwa ovyo. Nikakigusa kimoja kwa ncha ya sindano, nikavuta. Ukaja uzi mwembamba wa manjano. Hiyo ilikuwa hariri, na hariri ni kazi ya buu anayejiandaa kugeuka. Kwa hiyo hapo hapakuwa na mayai hata moja, bali vifukofuko, na ndani ya kila kimoja mlikuwa na pupa.

“Sasa huyu kiwavi anafanya nini hapa?” akauliza.

Nikampa kioo aangalie ubavu wa kiwavi. Palikuwa na vidoa vyeusi vidogo vilivyotapakaa, makovu ya mahali walipotokea wageni. Nyigu mdogo sana alimdunga kiwavi huyu akiwa bado mchanga, akamwekea mayai mwilini. Mabuu yakaishi humo yakinywa damu yake na kula mafuta yake, huku viungo vinavyomweka hai vikiachwa. Yaliposhiba yalitoboa ngozi kwa pamoja, na kila moja likajisokotea kifuko palepale. Kiwavi hafi mara moja. Hukaa juu ya vifukofuko siku kadhaa bila kula, ukimgusa anarusha kichwa, na hata huongezea nyuzi zake mwenyewe juu ya kirundo, kama mlinzi aliyeajiriwa na wezi waliomwibia.

Tukaandika kwenye karatasi: nyigu wadogo, si viwavi. Jani tukalitia kwenye chupa ya mdomo mpana, tukafunga mdomo kwa kitambaa chepesi kilichofumwa kwa karibu. Chandarua hakifai, kwani nyigu wa milimita tatu anapita kwenye matundu yake bila kuinama. Kifuniko cha kukaza nacho hakifai, kwa sababu jani hutoa unyevu, unyevu huleta ukungu, na ukungu huua pupa kabla hujajua alikuwa nani.

Baada ya wiki moja hivi vidudu vyeusi vilikuwa vikitambaa juu ya chupa upande wa mwanga. Mpwa wangu alifurahi kwamba utabiri umetimia, lakini mimi nilivutiwa zaidi na vifuko vilivyobaki. Vingi vilikuwa vimekatwa ncha moja kwa duara safi, na kifuniko kidogo kimebaki kikining’inia. Vichache vilikuwa bado vimefungwa. Siku zilivyopita navyo vikafunguka, ila si kwa ncha. Vilitobolewa ubavuni, kingo za tundu zikiwa zimetafunwa ovyo, na waliotoka hawakufanana na wale wa kwanza, wala hawakuwa na mwendo wao. Hao walikuwa nyigu wa nyigu: mama yao alitaga ndani ya mabuu au pupa za nyigu wa kwanza. Kabla ya kutoka, kwa jicho huwezi kutenganisha kifuko chenye mwenyewe na kifuko chenye mgeni wa pili. Kuchelewa ndiko kunakokutia shaka, na tundu ndilo linalothibitisha.

Kitu cha pili kilikuwa kijitawi cha mlimau chenye pupa mbili, moja ya kijani, nyingine ya kahawia. Hapa kutambua jamii ya mdudu hakukunisumbua. Pupa zote mbili zilisimama kichwa juu, mkia umenasa kwenye kijitako cha hariri, na kiunoni zimezungukwa na uzi mmoja kama mtu aliyepanda mnazi kwa kamba. Pupa za vipepeo wengine wengi hazina mkanda huo, huning’inia kichwa chini kwa mkia pekee. Mkanda, pamoja na majani ya mlimau, ulinitosha kusema ni yule kipepeo mkubwa ambaye kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege.

“Ya kahawia imekufa,” mpwa wangu akaamua. “Ya kijani ndiyo nzima.”

Ndivyo karibu kila mtu angesema. Lakini kwa jamii hii rangi hutegemea mahali kiwavi alipojifunga: penye majani na vijiti laini vya kijani pupa huwa ya kijani, penye gome kavu lenye mikwaruzo huwa ya kahawia. Yule wa kahawia alijifunga sehemu kavu ya tawi. Nikaitafuta afya kwingine. Nilichukua brashi ya rangi ya maji nikaipitisha polepole kwenye pingili za tumbo. Ya kahawia ilijikunyata kidogo ikatulia. Ya kijani haikutikisika. Chini ya kioo kijani chake hakikuwa sawa mwili mzima, kilikuwa na mabaka ya rangi ya kutu yaliyokuwa yakiungana, na pingili zake zilikaa zimekakamaa.

Nikamweleza kwamba kuna nyigu mwingine, mdogo vilevile, ambaye hana haja na kiwavi mwenyewe. Humsubiri ajifunge, na akishavua ngozi yake ya mwisho na pupa ikiwa bado laini, ndipo huidunga. Gamba likishakauka na kuwa gumu huwa vigumu sana kuipata. Hivyo pupa inaweza kuwa imetokana na kiwavi mnene asiye na kovu lolote, na bado isitoe kipepeo. Kutembea salama utotoni hakukumlinda.

Alininunia siku nzima kwa utabiri huo.

Ile ya kahawia ilianza kuwa nyeusi, na gamba likawa kama kioo: mabawa meusi yenye madoa ya manjano yakaonekana yamekunjwa ndani. Weusi wa namna hiyo, unaoonyesha mchoro, ni wa kutoka. Weusi usio na mchoro, wenye majimaji au harufu, ni wa kuoza. Kesho yake asubuhi gamba lilipasuka nyuma ya kichwa, kipepeo akajivuta nje, akapanda kijiti, akaning’iniza mabawa yajae. Ile ya kijani ilikaa kimya zaidi, ikageuka rangi ya majani makavu, kisha siku moja tukaona juu yake kitobo kama cha pini. Ndani ya chupa palikuwa na nyigu wengi wanaong’aa kijani cha madini, wote wametokea kwenye kitobo hicho kimoja. Tulilaza magamba mawili pamoja: moja limepasuka mbele na kubaki jepesi kama karatasi, la pili zima kabisa isipokuwa kile kitobo. Mpwa wangu aliyachunguza muda mrefu, na kununa kukaisha.

Jani la maharage sitalikawiza. Lilikuwa na mayai kama mapipa madogo yaliyopangwa safu kwa safu, kila pipa na mfuniko wake uliozungukwa na vinyweleo vifupi. Hayo ni ya kunguni wa mimea, wale wanaonuka ukiwagusa. Mengi yalikuwa meupe, na kupitia mfuniko vilianza kuonekana vidoa viwili vyekundu, yaani macho. Machache yalikuwa yamegeuka rangi ya makaa kabisa, na hayo nikayatabiria nyigu. Kunguni walipotoka waliinua mifuniko kama mlango wa bawaba, wakajikusanya kuzunguka maganda. Kwenye yale meusi mfuniko ulitafunwa katikati.

Kilichonishinda ni cha mwisho. Kilikuwa kifukofuko cha kijivu, kimelegea, kimeshikizwa katikati ya majani mawili ya waridi, na ndani ya hariri yake mlifumwa nywele. Nilimzuia asikishike kwa vidole, kwa sababu nywele za viwavi wa namna hiyo huwasha hata baada ya mwenyewe kuzivua. Niliandika “nondo mwenye kiwavi wa manyoya” na sikuthubutu kuongeza. Waridi halikunisaidia. Mara nyingi yai hutagwa kwenye mmea ambao mtoto ataula, kwa hiyo jani lenye mayai ni ushahidi mzuri. Lakini kiwavi aliyeshiba hutembea, hupanda ukuta, huvuka njia, na kujisokotea popote panapomfaa. Jani lenye kifukofuko linaweza kuwa la kupangisha tu. Nilimulika tochi kwa nyuma nikaona kivuli kifupi kinene na, pembeni yake, ngozi ya mwisho ya kiwavi iliyokunjamana pamoja na kichwa chake. Zaidi ya hapo ingebidi kupasua, na mwenye ndoo alikataa.

Tulikiacha nje barazani ndani ya kikapu cha waya. Mpwa wangu ndiye aliyemwona kwanza, akaja mbio.

“Mjomba, ametoka lakini hajamalizika! Hana mabawa!”

Juu ya kifukofuko alikaa mdudu mnene wa kijivu, tumbo tupu lenye miguu, na mahali pa mabawa pana vishina viwili vitatu visivyofaa kitu. Nilimwambia amemalizika. Kuna nondo ambao jike wao huwa hivyo maisha yake yote: haruki, hali, haendi kokote, hutoa harufu tu na dume huja kwa mabawa yake. Hakuniamini mpaka jioni, nondo mdogo wa kahawia mwenye papasi kama manyoya ya ndege alipoanza kuzunguka kikapu na kupenya katikati ya waya.

Asubuhi iliyofuata kifukofuko kilikuwa kimefunikwa mayai meupe ya mviringo, yamebandikwa juu ya hariri ileile ambayo jike alitokea. Mpwa wangu alichukua karatasi yetu ya utabiri, akachora mstari chini ya majina yote, akaanza orodha mpya. Safari hii hakunihitaji. Aliandika mwenyewe: viwavi wa manyoya, au nyigu.